Uzi: Siku saba kabla ya mtihani wa optiki, naanza na miale halafu mawimbi. Nisaidieni kupanga

Kivuli cha Adhuhuri · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mtihani wangu wa optiki ni Jumatatu ya wiki ijayo asubuhi. Nina siku saba kuanzia kesho, na kila siku naweza kukaa na daftari saa nne hivi. Mada ziko mafungu mawili. La kwanza ni optiki ya miale: vioo, lenzi, prizma, darubini na hadubini. La pili ni optiki ya mawimbi: mianya miwili, utando mwembamba, mwanya mmoja, gretingi na polaraizesheni.

Naanza na miale kwa sababu ndiyo iliyoniangusha kwenye jaribio la katikati ya muhula. Kulikuwa na swali la lenzi mbili la maksi 10, nikapata 2. Zile jumlisha na toa zilinivuruga mpaka nikajaza ukurasa mzima bila kufika popote. Ndiyo maana nimepanga siku tano za miale na mbili za mawimbi. Mnaonaje?

Kalamu Kavu · Jumapili, saa 2:31 usiku

Mpango mzuri huo. Mimi nilipita somo hili mwaka jana. Andika fomula zote kwenye kadi moja, ibebe popote uendako. Kwenye miale kuna fomula moja tu, 1/u + 1/v = 1/f, mengine ni watoto wake. Mawimbi hata siku moja inatosha, maana ni fomula tatu nne za kubadilisha namba.

Fundi Darubini · Jumapili, saa 3:05 usiku

Kalamu, hapo kwenye mawimbi sikubaliani nawe, na nimesahihisha karatasi nyingi za somo hili. Wanafunzi wanaokuja na kadi ya fomula hupotea palepale ambapo fomula ileile ina maana mbili. Nitaeleza tukifika.

Kivuli, ningekugawia hivi. Kesho usishike kikokotoo kabisa. Chora tu. Lenzi mbinuko, kitu kikiwa mbali, kikiwa kwenye 2f, kikiwa kati ya f na 2f, kikiwa ndani ya f. Kisha lenzi mbonyeo, ile inayotawanya. Kisha vioo. Kila mchoro tumia rula na miale miwili, wa tatu uwe wa kuhakikisha. Jumanne yote iwe ya lenzi mbili, kwa sababu kidonda chako kiko hapo. Jumatano malizia prizma na vyombo vya kutazamia.

Alhamisi ndiyo siku ninayoipenda katika mpango huu. Ni daraja. Soma njia ya mwanga ndani ya kioo na hewani, namna mwanga unavyochelewa ndani ya kioo, na hesabu ya tofauti ya njia. Anayeelewa hilo huingia kwenye mawimbi akiwa amebeba michoro yake ya miale, na anayeliruka huona kama ameanza somo jingine. Ijumaa ni utando mwembamba, Jumamosi mianya na gretingi, Jumapili unakaa na karatasi ya zamani.

Swali la Jumanne ni hili. Lenzi ya kukusanya ya f = 20 cm, kitu kiko 30 cm mbele yake. Nyuma yake, umbali wa 50 cm, kuna lenzi ya kutawanya ya f = 15 cm. Taswira ya mwisho iko wapi, na ni kubwa mara ngapi?

Mzee wa Miwani · Jumapili, saa 3:40 usiku

Mwanangu, pole na mtihani wa macho. Mimi nilipimwa mwezi uliopita, nikaandikiwa -2.00 macho yote. Sikuambiwa nisome chochote, unakaa tu kwenye kiti unasoma herufi ukutani. Ila nina swali kwa Fundi: hiyo -2 ndiyo nini hasa? Na mbona miwani yangu mipya inang'aa zambarau nikiigeuza kwenye taa?

Fundi Darubini · Jumapili, saa 3:52 usiku

Shikamoo mzee. Mwenzetu ana mtihani wa fizikia ya mwanga, hapimwi macho, lakini maswali yako yanaingia humuhumu. Hiyo -2 ni 1 ukigawanya kwa urefu wa fokasi kwa mita. Kwa hiyo fokasi yako ni nusu mita, na ile alama ya kutoa inasema lenzi ni ya kutawanya. Zambarau naomba uniachie hadi Ijumaa, nitaitumia.

Neema wa Prizma · Jumatatu, saa 12:20 jioni

Kabla dada hajafika Jumanne, tukubaliane kuhusu alama. Sisi tulifundishwa kupima kila kitu kutoka kwenye lenzi kama kwenye mstari wa namba: kulia ni chanya, kushoto ni hasi. Fomula yetu ni 1/v - 1/u = 1/f. Ile ya Kalamu inasema kilicho halisi ni chanya. Naona yetu ni safi zaidi, maana haihitaji kujua mapema kama kitu ni halisi au la.

Kalamu Kavu · Jumatatu, saa 12:44 jioni

Yetu ni fupi na inakaa kichwani. Sijawahi kukosa kwa ajili yake.

Kivuli cha Adhuhuri · Jumanne, saa 4:15 usiku

Shikamooni. Jana nimechora michoro 14, mkono unauma lakini kwa mara ya kwanza nimeona kwa macho kwa nini lenzi ya kutawanya haitoi taswira halisi ya kitu cha kawaida.

Leo swali la lenzi mbili. Lenzi ya kwanza: 1/v = 1/20 - 1/30 = 1/60, v = 60 cm. Lenzi ya pili iko 50 cm, kwa hiyo taswira ingejengeka 10 cm nyuma yake. Hapo ndipo nilipokwama tena. Nikafuata alichosema Neema, kulia ni chanya, nikaandika u = +10, f = -15. Nikaweka kwenye fomula ya kadi: 1/v = -1/15 - 1/10 = -1/6, v = -6 cm. Taswira isiyo halisi, 6 cm. Ni sawa?

Fundi Darubini · Jumanne, saa 4:40 usiku

Si sawa, na umenionyesha kosa lenyewe waziwazi. Ulichukua u = +10 kutoka kwenye utaratibu wa Neema, ukaitia kwenye fomula ya Kalamu. Kila mmoja wao yuko sahihi nyumbani kwake. Kwa Kalamu, kitu ambacho miale inakielekea lakini haijakifikia si halisi, kwa hiyo u = -10, na 1/v = -1/15 + 1/10 = 1/30. Kwa Neema u = +10, lakini fomula ni 1/v - 1/u, na unapata vilevile 1/30. Jibu ni v = 30 cm, na taswira ni halisi.

Sasa nikupe njia ya kujihakikishia isiyotumia alama hata moja. Chukua mwale mmoja unaogonga lenzi ya pili 2 cm juu ya mhimili. Ulikuwa unashuka ili ufike kwenye mhimili baada ya 10 cm, yaani unashuka 0.2 cm kwa kila sentimita. Lenzi ya kutawanya ya fokasi 15 inaunyanyua mwale huo kwa 2/15, kama 0.133. Umebaki na mteremko wa 0.067. Ukianzia juu 2 cm na kushuka 0.067 kwa kila sentimita, unafika chini baada ya 30 cm. Lenzi imeuchelewesha mwale usifike upesi, haikuweza kuugeuza utoke nje, kwa sababu 10 ni ndogo kuliko 15. Ingekuwa taswira ya kwanza iko mbali kuliko 15 cm nyuma ya lenzi, hapo miale ingetoka ikiwa imetawanyika.

Ukuzaji: lenzi ya kwanza -60/30 = -2. Ya pili -30/(-10) = +3. Zidisha, upate -6. Imepinduka, kubwa mara sita.

Kivuli cha Adhuhuri · Jumanne, saa 5:02 usiku

Huo mteremko! Nimerudia na mwale wa 1 cm badala ya 2, bado 30. Sasa niendelee na utaratibu upi kati ya hiyo miwili?

Neema wa Prizma · Jumanne, saa 5:10 usiku

Wetu.

Kalamu Kavu · Jumanne, saa 5:11 usiku

Wetu, mtihani uko karibu, usijifunze lugha mpya sasa.

Fundi Darubini · Jumanne, saa 5:30 usiku

Tazama fomula iliyochapishwa kwenye karatasi za zamani za kozi yako, utumie hiyohiyo. Andika juu ya ukurasa, kabla ya namba ya kwanza, ni upi unaotumia. Msahihishaji akiona hivyo anaweza kukufuata hata ukiteleza katikati.

Kivuli cha Adhuhuri · Jumatano, saa 4:05 usiku

Darubini imeenda vizuri. Prizma imenitesa. Pembe ya prizma 60°, mpindo mdogo kabisa 40°, tafuta fahirisi ya kioo. Nimetumia n = sin((A + D)/2) / sin(A/2), yaani sin 50 chini ya mstari sin 30. Napata 0.27. Nimerudia mara tatu.

Kalamu Kavu · Jumatano, saa 4:19 usiku

Umegeuza juu chini, chini juu.

Kivuli cha Adhuhuri · Jumatano, saa 4:26 usiku

Nikigeuza napata 3.77. Kioo cha 3.77 sijawahi kukisikia. Naliruka, nitarudi.

Kivuli cha Adhuhuri · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Siku ya daraja. Nimechukua swali la mianya miwili: urefu wa wimbi nanomita 600, mianya imeachana milimita 0.3, ukuta uko mita 1.5. Nafasi kati ya mstari angavu na mwingine ni λD/d = 3 mm. Hilo sawa. Sasa mwanya wa juu umefunikwa kwa kijikioo chembamba cha maikromita 6, fahirisi 1.5. Mistari inasogea kiasi gani, na kwenda wapi?

Kiasi nadhani nimekipata. Ndani ya kioo njia inahesabika kama 1.5 × 6, hewani ingekuwa 6. Ziada ni maikromita 3, ambazo ni mawimbi matano kamili. Mistari mitano, 15 mm. Lakini inaenda juu au chini?

Kalamu Kavu · Alhamisi, saa 3:41 usiku

Chini. Mwanga wa juu umecheleweshwa, kwa hiyo mwanga wa chini unashinda na kuvuta mistari upande wake.

Fundi Darubini · Alhamisi, saa 4:08 usiku

Kiasi ni sahihi, dada. Kalamu, kuchelewa umekuona vizuri, ila mawimbi hayavutani. Jiulize mstari wa katikati ni nini. Ni mahali ambapo njia zote mbili zinalingana. Njia ya juu imeongezewa maikromita 3 na kijikioo. Ili zilingane tena, lazima sehemu yake ya hewani ipungue, na njia ya chini iongezeke. Mahali pa namna hiyo pako karibu zaidi na mwanya wa juu. Kwa hiyo mistari inapanda, kuelekea mwanya uliofunikwa.

Kuna jambo humu ambalo watungaji wa maswali hulipenda. Ziada ikiwa mawimbi matano kamili na mwanga ni wa rangi moja, ukitazama ukuta huoni tofauti yoyote. Mstari wa tano umekaa palepale alipokuwa wa sifuri, na mistari yote inafanana. Ili uone kweli kwamba katikati imehama unahitaji mwanga mweupe, kwa sababu ni mstari wa katikati pekee unaobaki mweupe, wenzake wana kingo za rangi. Ukiulizwa "utautambuaje mstari wa katikati", jibu ndilo hilo.

Kalamu Kavu · Alhamisi, saa 4:30 usiku

Nimechora, umenipata. Mwaka jana nilijibu "chini" na sikujua kwa nini nilikosa.

Ijumaa lakini ni rahisi: utando mwembamba, 2nt = mλ ni angavu, 2nt = (m + ½)λ ni giza. Kadi tosha.

Fundi Darubini · Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Hapa sasa ndipo fomula moja ina maana mbili. Kalamu, weka t = 0 kwenye fomula yako. Inasema utando usio na unene uwe angavu kabisa. Sasa simamisha utando wa sabuni kwenye pete ya waya, uutazame mwanga ukiakisiwa. Maji yanashuka chini, sehemu ya juu inazidi kuwa nyembamba, na kabla haijapasuka inakuwa nyeusi. Nyembamba kabisa, na nyeusi. Fomula yako inasema kinyume.

Sababu ni kupinduka. Mwanga unaoakisiwa ukitoka kwenye fahirisi ndogo kugonga kubwa hupinduka nusu wimbi. Ukitoka kubwa kugonga ndogo haupinduki. Kwenye sabuni, uso wa mbele ni hewa kwenda maji, unapinduka. Uso wa nyuma ni maji kwenda hewa, haupinduki. Mawimbi mawili yanakutana moja likiwa limepinduka, kwa hiyo yanafutana hata pasipo tofauti ya njia. Fomula zinabadilishana.

Mzee wa Miwani, zambarau yako hii hapa. Chukua mfano wa tabaka moja la magnesi floraidi, fahirisi 1.38, juu ya kioo cha 1.5. Hewa kwenda tabaka: unapinduka. Tabaka kwenda kioo: unapinduka tena. Wote wamepinduka, kwa hiyo ni kama hakuna aliyepinduka, na kufutana kunahitaji 2nt iwe nusu wimbi. Kwa kijani cha nanomita 550, ambacho jicho hukiona sana, t = 550/(4 × 1.38), kama nanomita 100. Kijani kinafutika, nyekundu na buluu zinafutika kidogo tu. Zinazobaki zikichanganyika, unaona zambarau. Miwani mingi ya sasa ina tabaka kadhaa, ndiyo maana mingine hubakiza kijani.

Kivuli, leo usikariri ipi ni angavu. Kwa kila swali andika fahirisi tatu kwa mfuatano, hesabu kupinduka kuko kungapi, kisha ndipo uchague.

Mzee wa Miwani · Ijumaa, saa 2:50 asubuhi

Ahsante sana mwanangu. Nimeiinamisha dirishani sasa hivi, na nikiiinamisha sana zambarau inageuka rangi. Nayo ina sababu?

Fundi Darubini · Ijumaa, saa 3:04 asubuhi

Ina sababu, mzee. Mwanga ukipita kwa kuinama, tofauti ya njia hupungua, na rangi inayofutika inahamia upande wa buluu.

Kivuli cha Adhuhuri · Jumamosi, saa 1:35 usiku

Utando umekaa, maswali sita, yote sita kwa kuhesabu kupinduka. Leo nimegongana na jingine. Mianya miwili: d sin θ = λ ni angavu. Mwanya mmoja: a sin θ = λ ni giza. Fomula ileile, jibu kinyume. Na hapa hakuna kupinduka.

Neema wa Prizma · Jumamosi, saa 2:02 usiku

Hiki nilikielewa kwa kuchora. Kwenye mianya miwili una vyanzo viwili tu, vikitofautiana wimbi zima vinakubaliana. Kwenye mwanya mmoja upana wote ni vyanzo. Ukingo wa juu na wa chini wakitofautiana wimbi zima, kata mwanya katikati. Nukta ya juu kabisa na nukta iliyo katikati zinatofautiana nusu wimbi, zinafutana. Shuka kidogo pande zote mbili, nazo zinafutana. Unashuka hivyo hadi mwisho, kila nukta ya nusu ya juu ina mwenzake wa nusu ya chini wa kuifuta. Hakuna kinachobaki.

Fundi Darubini · Jumamosi, saa 2:20 usiku

Nisingeeleza vizuri kuliko hivyo. Ongeza jambo moja kuhusu gretingi: ukiulizwa mistari angavu iko mingapi, sin θ haiwezi kupita 1. Mistari 500 kwa milimita ni d ya nanomita 2000. Gawa kwa 600, unapata 3.33. Basi daraja la juu ni la tatu. Kila upande mitatu, na katikati mmoja, jumla 7. Wengi wanasahau ule wa katikati.

Kalamu Kavu · Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Leo usifungue mada mpya. Polaraizesheni iache, huwa ni maksi chache.

Neema wa Prizma · Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Mimi nisingeacha maksi zinazopatikana kwa nusu saa. Chujio la kwanza hukata mwanga wa kawaida nusu, hilo ndilo husahaulika. Baada yake kila chujio hutoa cos² ya pembe kati yake na lililotangulia. Machujio matatu, kila moja limezungushwa 45° kutoka kwa lililotangulia: nusu, robo, moja ya nane. Hata kama la kwanza na la mwisho yamekatana kwa 90°, mwanga unapita.

Fundi Darubini · Jumapili, saa 3:00 asubuhi

Hapo amua mwenyewe, Kivuli. Ningeanza na karatasi ya zamani kwa saa ya mtihani, polaraizesheni jioni kama kichwa bado kiko wazi.

Kivuli cha Adhuhuri · Jumapili, saa 12:30 jioni

Nimefanya karatasi nzima. Lenzi mbili ilikuja na namba nyingine, nimeandika utaratibu juu ya ukurasa, nikahakikisha kwa mteremko, imelingana. Polaraizesheni nimeisoma pia. Nimepoteza swali moja tu, ni prizma tena. Safari hii nimepata fahirisi hasi kabisa.

Neema wa Prizma · Jumapili, saa 12:41 jioni

Piga sin 30 kwenye kikokotoo chako sasa hivi, utuambie.

Kivuli cha Adhuhuri · Jumapili, saa 12:43 jioni

-0.988. Kiko kwenye radiani! Nilikiweka huko nilipokuwa natatua mtikisiko wa springi, sikukirudisha.

Nimekirudisha kwenye digrii. sin 50 kwa sin 30 ni 0.766 kwa 0.5, n = 1.53. Narudia maswali yote ya Jumatano, yako manne, halafu nalala.